Kambi Inapofungwa, Hesabu Hubaki Wazi: Namna ya Kusoma Taarifa ya Mwaka ya Shirika la Huruma

Mwishoni mwa Desemba 2012 kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa rasmi. Kwa muda wa wiki chache, kuanzia mwisho wa Oktoba mwaka huo, malori yaliwabeba Warundi zaidi ya 30,000 kuwarejesha makwao, na wachache walioonekana kuhitaji ulinzi zaidi walihamishiwa Nyarugusu. Mahali palipokuwa na shule, zahanati na maghala ya chakula tangu miaka ya 1990 leo pana kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa. Miaka mitatu baadaye wakimbizi wapya walimiminika kutoka Burundi kupitia kijiji cha Kagunga kando ya Ziwa Tanganyika. Nyarugusu ilijaa, Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya Oktoba 2015, na Mtendeli ikafuata mwanzoni mwa 2016. Mwishoni mwa 2021 Mtendeli nayo ilifungwa, watu wake wakapelekwa Nduta.

Historia hii inaeleza hali ambamo mashirika ya huruma ya Kanisa katika nyanda za juu za Kigoma hufanya kazi. Kambi hufunguliwa kwa ghafla na kufungwa kwa ghafla. Fedha huja kwa wingi, kisha hukatika. Tangu mpango wa kuwarejesha Warundi kwa hiari uanze tena mwaka 2017, kila bodi inayosimamia huduma kambini imekuwa ikijua kwamba siku moja kazi yake itakwisha. Kisha, tarehe 20 Januari 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na miezi michache baadaye ikalifunga kabisa shirika lake la maendeleo ya kimataifa. Shirika la Catholic Relief Services, mshirika wa majimbo mengi ya Afrika Mashariki, lilikuwa likipata takriban nusu ya mapato yake kutoka serikali hiyo.

Katika hali ya namna hii, taarifa ya mwaka ambayo menejimenti ya shirika huiwasilisha mbele ya bodi ndiyo mahali pekee ambapo wajumbe wanaweza kuona, kabla ya hatari kufika, kama shirika litaweza kusimama. Makala haya yanachukua sehemu zake tatu, yaani fedha, ulinzi wa watoto na watu walio dhaifu, na miradi, na kuziuliza swali moja: kambi ikifungwa mwaka huu, taarifa hii inatuambia nini?

Nani anadaiwa taarifa

Tarehe 11 Novemba 2012, katika wiki zile zile ambazo malori yalikuwa yakitoka Mtabila, Papa Benedikto wa Kumi na Sita alitoa barua binafsi iitwayo Intima Ecclesiae natura, kuhusu huduma ya upendo. Barua hiyo inamtaka Askofu kusimamia mali za mashirika ya huruma yaliyo chini ya mamlaka yake, na inayataka mashirika hayo kumpelekea kila mwaka taarifa ya fedha kwa namna atakayoielekeza. Inataka pia mishahara na gharama za uendeshaji, bila kuvunja haki ya wafanyakazi wala mahitaji ya utaalamu, zilingane kwa kiasi na zile za ofisi za jimbo. Kwa maneno mengine, gari la mkurugenzi wa mradi na posho za semina ni mambo ambayo bodi ina haki ya kuyahoji, na taarifa njema huyaweka wazi bila kusubiri kuulizwa.

Sheria za Kanisa zilikuwa zimekwisha kutandika msingi huo. Kanuni ya 1284 inawadai wasimamizi vitabu vya mapato na matumizi vilivyopangwa vema, na taarifa kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1287 inataka taarifa hiyo ipelekwe kwa Askofu, naye aiwasilishe kwa Halmashauri ya Fedha ya Jimbo. Kifungu cha pili cha kanuni hiyo kinaongeza jambo ambalo waamini wengi hawalijui: wasimamizi wanapaswa kuwatolea hesabu waamini pia, kwa zile mali ambazo waamini wenyewe wamezitoa, kwa kufuata utaratibu wa sheria ya mahali. Tangu Desemba 2021, kanuni ya 1376 iliyorekebishwa inaweka adhabu kwa mtu aliyethibitika kuwa mzembe kupita kiasi katika kusimamia mali za Kanisa, hata kama hakuiba. Bodi iliyopitisha taarifa bila kuisoma haitakuwa na utetezi mwema.

Fedha zilizomo benki si zetu zote

Kosa la kawaida kuliko yote katika taarifa za fedha za mashirika haya halihusiani na wizi. Ni kusoma salio la benki kana kwamba ni mali ya shirika. Kanuni ya 1267 inasema kwamba sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu haiwezi kutumika ila kwa kusudi hilo, na mikataba ya wafadhili inasema vivyo hivyo kwa lugha ya kisheria. Kwa hiyo fedha za shirika ni za aina mbili: zilizofungwa kwa kusudi, na zilizo huru. Taarifa isiyozitenganisha haijasema kitu.

Tuchukue mfano wa kutunga, wenye tarakimu nyepesi, wa shirika la jimbo linaloendesha shule za awali kambini na kuchimba visima katika vijiji vinavyoizunguka kambi. Mwaka unaishia tarehe 31 Desemba. Mtunza hazina anasimama mbele ya bodi na kusema kwa furaha kwamba shirika lina shilingi milioni 210 benki. Wajumbe wanapiga makofi. Mjumbe mmoja mwenye ujuzi wa uhasibu anaomba salio hilo ligawanywe kufuata chanzo chake.

Inaonekana kwamba milioni 95 ni fedha za mradi wa wakimbizi ambazo hazikutumika. Kwa mujibu wa mkataba, zisipotumika ndani ya kipindi kilichokubaliwa zinarudi kwa mfadhili. Milioni 84 zilitumwa na shirika dada la ng'ambo kwa ajili ya visima vitakavyochimbwa mwaka ujao. Milioni 16 ni mchango wa Kwaresima uliokusanywa parokiani kwa ajili ya maskini, nao haujagawanywa. Jumla ya fedha zilizofungwa ni milioni 195. Fedha huru ni milioni 15.

Mjumbe yule anauliza swali la pili: je, makato ya wafanyakazi ya mfuko wa hifadhi ya jamii na kodi ya mapato yamelipwa yote? Jibu ni kwamba milioni 22 bado zinadaiwa, kwa kuwa awamu ya mwisho ya fedha za mfadhili ilichelewa na menejimenti ikaona heri kulipa mishahara kwanza. Hapo fedha huru zimekwisha, na pengo la milioni 7 limejitokeza. Shirika lililopigiwa makofi lina upungufu.

Swali la tatu ndilo la Mtabila na Mtendeli. Tuseme kambi inafungwa na mradi wa shule unakoma. Shirika lina wafanyakazi 18 wa mradi huo wenye ajira ya kudumu, wastani wa mshahara wa msingi ukiwa shilingi 700,000 kwa mwezi, na wastani wa miaka 6 ya utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayeachisha kazi kwa sababu za uendeshaji kulipa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa kikomo cha miaka 10. Mshahara wa siku moja hapa ni kama shilingi 26,900. Siku 7 mara miaka 6 ni siku 42, yaani shilingi milioni 1.13 kwa mfanyakazi mmoja, na kwa wote 18 ni zaidi ya milioni 20. Sheria hiyo inataka pia notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mwajiri asiyetoa notisi kwa wakati atalipa badala yake, na hapo karibu milioni 12 nyingine zitaongezeka.

Mfadhili mara nyingi hayalipi madeni haya, hasa yale ya miaka iliyotangulia mkataba wake. Yanabaki juu ya shirika, na shirika likishindwa yanabisha hodi kwa wadhamini wa jimbo waliosajiliwa, ambao ndio mwajiri kisheria mahali pengi. Hivyo ndivyo jimbo linavyoweza kujikuta likiuza kiwanja kwa sababu ya shule ya kambini ambayo haikuwahi kuigharimu hata senti. Dawa yake ni nyepesi lakini inahitaji nidhamu: kila mwaka tengeni kiasi cha kiinua mgongo, na kila mkataba mpya unapojadiliwa ombeni kifungu kinachomfanya mfadhili achangie kwa miaka ya mkataba wake. Kazi hiyo ifanyike mradi ukiwa bado na nguvu, maana ukikaribia kufungwa hakuna atakayesikiliza.

Kuna dalili moja ambayo mjumbe asiye mhasibu anaweza kuitafuta mwenyewe. Ajumlishe masalio ya fedha zote zilizofungwa, kisha alinganishe na fedha zilizomo benki. Katika mfano wetu benki ina 210 na zilizofungwa ni 195, basi bado kuna nafuu. Lakini kama benki ingekuwa na 150 huku zilizofungwa zikiwa 195, maana yake ni moja tu: shirika limekopa ndani kwa ndani. Fedha za visima zimelipa mishahara ya walimu, au mchango wa Kwaresima umenunua mafuta ya jenereta. Mara nyingi hufanywa kwa nia njema, kwa kutazamia kwamba awamu inayofuata itaziba pengo. Mwanzoni mwa 2025 mashirika mengi duniani yaliona hatari ya mazoea hayo, kwani Marekani ilizuia hata malipo ya kazi zilizokwisha kufanyika, na suala hilo likafika hadi Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwezi Machi. Aliyekuwa amekopa kwenye kikapu cha jirani akisubiri malipo hayo hakuwa na cha kurudisha.

Mali zisizohamishika na magari vinahitaji sentensi chache. Magari ya miradi yenye vibao vya DFP, jenereta na kompyuta zilizonunuliwa kwa fedha za mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa kawaida hubaki mali ya mfadhili mpaka atakapozikabidhi kwa maandishi. Taarifa ya mwaka iambatane na daftari la mali linaloonyesha kila kitu ni cha nani. Bila daftari hilo, siku ya kufunga kambi huwa siku ya mabishano, na mara nyingine siku ya vitu kutoweka.

Sifuri isiyotuliza moyo

Sehemu ya ulinzi wa watoto na watu walio dhaifu ndiyo fupi kuliko zote katika taarifa nyingi. Huandikwa sentensi moja: mwaka huu hatukupokea malalamiko yoyote. Bodi husikia faraja. Mtu anayezijua kambi husikia kengele.

Mwaka 2002 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, pamoja na shirika la Save the Children, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone. Wasichana walieleza jinsi wafanyakazi wa misaada wenyewe walivyodai ngono ili kuwapa chakula, sabuni au turubai. Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka wenye namba ST/SGB/2003/13, ambao mpaka leo unaingizwa katika mikataba ya washirika wa kambini. Unakataza tendo lolote la ngono na mtu aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria au desturi ya mahali inaruhusu. Unakataza kubadilishana fedha, ajira, bidhaa au huduma kwa ngono. Unasema pia kwamba mshirika anayeshindwa kuchukua hatua za kuzuia, kuchunguza au kurekebisha amempa mfadhili sababu ya kuvunja mkataba. Kwa hiyo sehemu hii ya taarifa haiko mbali na sehemu ya fedha kama wengi wanavyodhani.

Kwa nini sifuri ni dalili mbaya? Fikirini kambi yenye makumi ya maelfu ya watu, ambamo shirika lina walimu, walinzi, madereva na wagawaji wa vifaa. Hata pasipo jinai yoyote, lazima kuwe na mzazi aliyelalamika kwamba mtoto alichapwa, au mjane aliyesema jina lake limerukwa kwenye orodha. Njia ya malalamiko iliyo hai huleta mambo madogo mengi, na ndani ya hayo madogo ndimo lile kubwa hupata ujasiri wa kutokea. Kama hata madogo hayaji, njia imeziba. Sababu huwa za kawaida kabisa: sanduku la maoni limetundikwa mlangoni pa ofisi ambapo kila mtu anaonekana akilisogelea, ufunguo wake anao msimamizi ambaye ndiye angelalamikiwa, maelekezo yameandikwa kwa Kiingereza ilhali watu wanasema Kirundi au Kiswahili cha Kongo, na mtoto asiyejua kusoma hakupewa njia nyingine.

Basi bodi idai nini? Idai hesabu ya malalamiko yaliyopokelewa na njia iliyotumika: sanduku, simu, mtu wa kuaminiwa, mkutano wa akina mama. Idai kujua mangapi yalihusu huduma na mangapi yalihusu mwenendo wa mfanyakazi. Kwa yale ya mwenendo, idai kujua ilichukua siku ngapi mpaka mlalamikaji ajibiwe, mangapi yamefungwa na kwa uamuzi gani, na mangapi yako wazi. Majina yasiwemo. Hata maelezo yanayomtambulisha mtu yasiwemo, kwa maana katika kambi yenye shule tatu, kuandika "mwalimu wa kike wa darasa la awali" ni sawa na kutaja jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inalinda faragha hiyo.

Bodi ijiridhishe pia kwamba jambo la jinai halimalizwi ofisini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwika kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kuvunjiwa haki wajibu wa kuripoti kwa serikali ya mtaa mahali husika. Hili halibadiliki kwa sababu mtuhumiwa ni katekista, mtawa, padre au mfadhili mkubwa. Kwa mapadre na watawa, barua binafsi ya Papa Fransisko, Vos estis lux mundi, ya mwaka 2019 na iliyothibitishwa upya 2023, inataka pia kila jimbo liwe na njia ya kupokea taarifa inayofikika kwa urahisi na wote. Njia ya Kanisa haiondoi ile ya dola.

Kufungwa kwa kambi huleta hatari ambayo taarifa chache huiona. Mlalamikaji anapanda lori kurudi Burundi au kuhamia kambi nyingine, faili linabaki katika kabati la ofisi inayobomolewa, na mtuhumiwa anaandika maombi ya kazi kwa shirika jingine la wilaya ile ile akiwa na barua nzuri ya utumishi. Kwa hiyo taarifa ya mwaka wa kufunga lazima iseme: mashauri yaliyo wazi ni mangapi, kila moja limekabidhiwa kwa nani, mlalamikaji aliridhia faili lake lihamishwe au hakuridhia, na nyaraka za siri zinatunzwa wapi. Upande wa ajira, tangu 2019 mashirika ya kibinadamu yamekuwa na mpango wa kuulizana kuhusu mienendo ya waombaji kazi kabla ya kuwaajiri. Ulizeni kama shirika lenu linafanya hivyo, na waajiriwa wapya wangapi wa mwaka huu walichunguzwa.

Uchunguzi huo si urasimu mtupu. Mwaka 2019 vyombo vya habari vilifichua kwamba mkurugenzi wa Caritas katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, mtawa kutoka Ulaya, alikuwa amekwisha kutiwa hatiani na mahakama ya nchini kwake mwaka 2012 kwa makosa dhidi ya watoto. Alikwenda Afrika baada ya hukumu hiyo, na akapanda ngazi mpaka kuwa mkuu wa shirika linalowahudumia watoto waliokimbia vita. Hukumu ilikuwapo kwenye kumbukumbu za mahakama muda wote huo.

Watu wangapi, au mara ngapi?

Sehemu ya miradi huwa ndefu na yenye picha nyingi. Hapa bodi ihitaji kuuliza mambo mawili tu, lakini iyaulize kwa makini.

La kwanza ni hesabu ya watu. Taarifa ikisema shirika limehudumia watu 40,000, ulizeni kama ni watu au ni mara. Mama mmoja aliyepata sabuni, akahudhuria semina ya lishe na kumwandikisha mtoto shule ya awali anaweza kuhesabiwa mara tatu, na mtoto wake mara moja zaidi. Kambi ikiwa inapungua watu kwa sababu ya kurejea makwao huku idadi ya "wanufaika" ikipanda kila mwaka, basi ama shirika limepanua huduma zake kwa watu walewale, ama limehesabu vibaya. Menejimenti iwe na maelezo.

La pili ni kile kinachobaki. Visima ni mfano mzuri. Katika taarifa, kisima huhesabiwa siku ya uzinduzi, mbele ya wageni. Lakini pampu ya mkono huharibika, na swali la maana ni kama maji yanatoka mwaka mmoja baada ya mkandarasi kuondoka. Tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ambayo hufanya kazi na vyombo vya watumia maji vya jamii vinavyokusanya michango na kulipa mafundi. Kisima kilichochimbwa kijijini Makere au kwingineko bila kukabidhiwa kwa chombo hicho hakina mwenye kununua vipuri. Kwa hiyo bodi iombe safu mbili katika jedwali: visima vilivyochimbwa mwaka huu, na visima vya miaka mitatu iliyopita vinavyotoa maji leo. Safu ya pili ndiyo inayopima kazi, na pia inapima kama fedha zile milioni 84 za mfano wetu zimeandaliwa matumizi mema.

Kambini penyewe, kinachobaki si majengo, kwa sababu majengo hubomolewa au kukabidhiwa serikalini. Hubaki vyeti vya watoto, kumbukumbu za masomo yao na ujuzi wa walimu wakimbizi waliofundishwa. Mtoto aliyesoma kwa mtaala wa Burundi ndani ya Tanzania akirudi kwao bila karatasi huanza upya. Taarifa ya mwaka wa mwisho ieleze ni watoto wangapi waliondoka na karatasi zao mkononi.

Udhaifu usio wa wizi

Tarehe 22 Novemba 2022 Papa Fransisko aliuondoa madarakani uongozi wote wa juu wa Caritas Internationalis na kumteua msimamizi wa muda, mlei Pier Francesco Pinelli, mpaka mkutano mkuu wa Mei 2023 ulipochagua viongozi wapya. Vatikani ilieleza wazi kwamba uchunguzi haukukuta ubadhirifu wa fedha wala mwenendo mchafu wa kijinsia. Ulichokuta ni udhaifu katika usimamizi na taratibu, uliodhuru ari ya wafanyakazi. Bodi zetu nyingi hujifariji zikisema: hatujaibiwa. Tukio la 2022 linaonyesha kwamba Kanisa halioni hilo kuwa kipimo tosha.

Dalili za udhaifu wa namna hiyo huonekana katika mambo madogo ya taarifa yenyewe. Je, barua ya mkaguzi wa nje, ile inayoorodhesha mapungufu, imeletwa mbele ya bodi nzima, au imesomwa na mkurugenzi peke yake? Je, mapungufu ya mwaka jana yamejibiwa moja baada ya jingine, au yanajirudia kwa maneno yale yale? Je, wajumbe walipata taarifa wiki mbili kabla ya kikao, au waliikuta mezani pamoja na soda? Je, kuna mjumbe mwenye undugu na mzabuni? Kwa Halmashauri ya Fedha ya Jimbo, kanuni ya 492 inawazuia ndugu wa karibu wa Askofu kuwa wajumbe. Bodi ya shirika ingefanya vema kujiwekea kanuni inayofanana nayo.

Kwa waamini wa parokia, ambao sadaka yao ya Kwaresima ni sehemu ndogo ya mapato lakini ndiyo sehemu pekee isiyoamuliwa na serikali yoyote, ombi lao kwa bodi laweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Karatasi hiyo isomwe kanisani kabla ya mchango wa mwaka unaofuata. Iseme mchango wa mwaka jana ulikuwa kiasi gani, umetumika wapi, na kiasi gani hakijatumika. Iseme fedha huru za shirika ni kiasi gani baada ya kuondoa zilizofungwa na madeni. Iseme malalamiko mangapi yalipokelewa na mangapi yako wazi. Iseme visima vya miaka mitatu iliyopita vinavyotoa maji leo ni vingapi. Na kwa kuwa tunaishi katika nyanda ambako Mtabila na Mtendeli zimekwisha kufungwa, iseme pia kama shirika limekwisha kutenga fedha za kuwalipa haki zao walimu, walinzi na madereva wake siku ambayo Nduta na Nyarugusu nazo zitabaki tupu.